Mkurugenzi Ambaye Benki Haikumpata

Benki iliuliza maswali manne. La kwanza: hii ni kampuni, au ni jina la biashara la mtu mmoja? La pili: mkurugenzi aliyesaini leseni ni nani, na mbona hayumo katika orodha ya wakurugenzi mliyotuletea? La tatu: Unga Ltd ina uhusiano gani na kampuni yenu, ndiyo inayowamiliki? La nne: leseni imeisha tangu tarehe 9 Machi, iko wapi mpya?

Kampuni yenyewe inauza vipuri vya magari ya safari hapa Arusha, na ilikuwa inafungua akaunti katika benki ya nje ili kurahisisha malipo kwa wauzaji wake wa huko. Suala la vibali vya fedha za kigeni naliacha hapa hapa. Hilo ni la mwanasheria wao, wala si la mfasiri. Lililoniletea mimi ile bahasha ya kaki ni kwamba karatasi za Kiswahili hazikuwa na kosa hata moja kati ya hayo manne. Yote yalizaliwa kwenye tafsiri, iliyofanywa steshenari, kwa haraka, na mtu anayejua Kiingereza kizuri tu.

"Shikamoo mama," alisema mhasibu wao, kijana wa miaka ishirini na kitu. "Bosi anasema benki inatuona matapeli."

Nilimwambia aweke mezani vyote: cheti, leseni, tafsiri ile ya kwanza, na katiba ya kampuni. Akashangaa katiba ya nini, maana benki ilikwisha kuipata na ilikuwa ya Kiingereza tangu mwanzo. Ndiyo maana niliitaka. Kampuni inaposajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, huwasilisha katiba yake, na katiba ikiwa ya Kiingereza basi maneno ya Kiingereza ya kampuni ile yamekwisha kuchaguliwa: jina linavyoandikwa, aina ya kampuni, shughuli zake. Mfasiri anayekuja nyuma hana ruhusa ya kubuni mengine. Afisa wa benki hasomi cheti peke yake. Anakiweka kando ya katiba, kando ya orodha ya wakurugenzi, kando ya fomu aliyojaza mteja, na kazi yake ni kutafuta mahali ambapo karatasi mbili hazisemi jambo moja.

Vyeti vingi vya kampuni hunifikia vikiwa vya Kiingereza tayari, na hapo humwambia mteja arudi na hela yake. Hiki kilikuwa cha Kiswahili, na neno lililoleta balaa lilikuwa juu kabisa, kwenye kichwa: cheti cha usajili.

Kwa Kiswahili tunasajili kila kitu. Tunasajili kampuni, jina la biashara, gari, laini ya simu na mtoto wa darasa la kwanza. Mwenzangu wa steshenari akaandika "Certificate of Registration", na ukimpa kamusi hutamshinda. Lakini BRELA hiyo hiyo inasajili majina ya biashara pia, chini ya sheria nyingine kabisa, Sura ya 213, wakati kampuni ziko chini ya Sheria ya Kampuni, Sura ya 212. Jina la biashara halizai mtu mpya kisheria. Ni Juma yule yule, anafanya biashara kwa jina la duka, na deni la duka ni deni la Juma. Kampuni inapozaliwa, anazaliwa mtu wa kisheria anayemiliki, anayedai na kudaiwa kwa jina lake. Kiingereza cha sheria kina neno lake kwa uzazi huo, nalo ndilo lililo kwenye sheria yetu wenyewe: "incorporated". Cheti chake ni "Certificate of Incorporation". Usajili wa jina la biashara unabaki "registration".

Kwa hiyo afisa wa benki aliposoma kichwa kile alikuwa na haki ya kuuliza. Akashuka mistari miwili akakutana na jambo lililomthibitishia wasiwasi wake. Cheti kilisema kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa. Mfasiri wa kwanza aliandika "personal company". Binafsi ni neno la kawaida, na mtu akikuambia hilo ni jambo langu binafsi, "personal" ndiyo tafsiri yake. Kwenye kampuni, binafsi maana yake ni kwamba hisa zake haziuzwi kwa umma, na Kiingereza chake ni "private". Ukiunganisha cheti kinachosema "registration" na kampuni inayoitwa "personal", unapata picha ya mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina la duka huku akijaza fomu ya kampuni. Benki ilijibu kama benki.

Kuna njia rahisi ya kujua neno usajili limekaa wapi. Tazama karatasi inatoka chini ya sheria gani. Kama imeandikwa Sura ya 212, au Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, ni kampuni. Kama ni Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, si kampuni, hata kama jina lake lina neno kampuni ndani yake. Mtajo huo wa sheria huandikwa kwa herufi ndogo na watu huuruka, lakini mimi ndio ninaoanza nao. Kwenye tafsiri yangu nao niliupeleka wote, jina la sheria pamoja na namba ya sura, ili afisa asiyeijua Tanzania aweze kuitafuta mwenyewe.

Sasa tuje kwa mkurugenzi.

Leseni za biashara zimegawanywa makundi mawili. Kundi A hutolewa na serikali kuu kupitia BRELA, Kundi B hutolewa na halmashauri. Duka la vipuri liko Kundi B, hivyo leseni ilitoka Halmashauri ya Jiji la Arusha. Chini ya leseni kulikuwa na saini, muhuri wa mviringo, na maneno ambayo kila mtu aliyewahi kupata barua ya halmashauri anayajua: "Kny. Mkurugenzi wa Jiji". Kwenye tafsiri ya kwanza yaligeuka kuwa "Director" tu. Ile "Kny." ilipotea, labda kwa kuwa haimo kwenye kamusi, na "wa Jiji" ilibaki ndani ya muhuri ambao haukutafsiriwa kabisa.

Soma kama mtu wa benki. Mbele yako una karatasi yenye jina la kampuni juu na saini ya "Director" chini. Katiba inataja wakurugenzi wawili, mume na mke. Saini ya leseni haifanani na yoyote kati ya zao. Utamwuliza mteja huyu wa tatu ni nani, na utataka pasipoti yake. Sheria za kupambana na utakatishaji fedha zinamtaka afisa amjue kila mtu mwenye usukani wa kampuni, na mkurugenzi aliyefichwa ni mojawapo ya mambo anayofundishwa kuyanusa.

"Bosi alifikiri wanamtania," kijana alisema. "Alimwambia wampigie simu Mkurugenzi wa Jiji wamwombe pasipoti."

Mkurugenzi wa Jiji ni mtendaji mkuu wa halmashauri. Kwa Kiingereza cha serikali yetu anaitwa "City Director", na sikubadilisha hilo, kwa sababu ndicho cheo chake rasmi, na benki ikitafuta itakikuta. Ila cheo rasmi peke yake hakikutosha kwa msomaji wa mbali, ambaye nchini kwake mji unaongozwa na meya au meneja. Nikaandika "for: City Director, Arusha City Council", nikaweka maelezo ya mfasiri ndani ya mabano ya mraba, mstari mmoja: aliyesaini ni ofisa wa halmashauri kwa niaba ya mtendaji mkuu wake, hana cheo katika kampuni iliyopewa leseni. Wapo wafasiri wanaoogopa maelezo kama haya, wakiona ni kuongeza ambacho hakikuandikwa. Mimi naona kinyume chake. Kiswahili kiliandika "wa Jiji" na "Kny." na kila msomaji wa hapa ameelewa. Tafsiri isiyompa msomaji wa kule uelewa ule ule ndiyo imepunguza. Sharti ni moja: maelezo yako yaonekane wazi kuwa ni yako, yasichanganyike na maneno ya karatasi. Kama huwezi kuyatenga, yaache.

Muhuri nao unatafsiriwa. Maneno ya kwenye duara yanaandikwa, umbo na rangi vinaelezwa, saini isiyosomeka inasemwa kuwa haisomeki. Kama neno la Mkurugenzi lingekuwa limekosewa lakini muhuri ukatafsiriwa, afisa angeliona jina la halmashauri mara ya pili na pengine asingeuliza.

Swali la Unga Ltd lilinichekesha mpaka kijana akacheka naye, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha kwake. Mtu wa Arusha hahitaji kuelezwa: Unga Ltd ni kata, ipo mjini, imejaa gereji na maduka ya vipuri, na jina lake lilitokana na kiwanda cha unga. Leseni iliandika mahali pa biashara hivi: Kata: Unga Ltd, kisha mtaa, kisha S.L.P. Mfasiri alibana vyote katika mstari mmoja ili ukurasa usivuke, akaondoa neno "Kata" kwa kuona halina maana kwa Mzungu. Matokeo yake, chini ya jina la kampuni moja yenye "Limited" kukawa na jina jingine lenye "Ltd", bila neno lolote linalosema ni mahali. Ukilitazama kwa jicho la benki, hiyo ndiyo namna kampuni mama inavyoandikwa chini ya mtoto wake.

Dawa yake ilikuwa kurudisha neno lililotupwa. Niliandika "Ward: Unga Ltd", kila kipengele mstari wake kama kilivyo kwenye leseni, na maelezo mafupi kwamba hilo ni jina la eneo la utawala la mji. Kuhusu mtaa nilisita kidogo. Aliyenitangulia aliandika "Street", lakini mtaa uliotajwa kwenye leseni ya halmashauri ni eneo la utawala chini ya kata, wenye mwenyekiti na ofisa mtendaji wake, unaweza kuwa na barabara tano ndani yake. Benki zikituma mtu au barua kuhakiki anwani hutafuta barabara ya jina hilo na haipo. Niliacha "Mtaa" kama lilivyo, nikaongeza kwenye maelezo yale yale kuwa ni sehemu ndogo ya kata. S.L.P. ikawa "P.O. Box", hapo hakuna falsafa.

Tarehe ilikuwa rahisi zaidi ya yote, na ndiyo inayonikera zaidi kwa kuwa hurudi kila mwezi. Leseni ilisema imetolewa 04/09/2024 na itaisha 03/09/2025. Mfasiri alinakili tarakimu zilivyo. Sisi tunaanza na siku, lakini mtu au mfumo wa kompyuta unaoanza na mwezi unasoma 9 Aprili 2024 mpaka 9 Machi 2025, na mhasibu wetu alikuwa anapeleka karatasi mwezi Mei. Mwenye macho angegundua, kwa sababu leseni ni ya miezi kumi na miwili: kuanzia tarehe 4 Septemba hadi 3 Septemba unapata mwaka kamili, ile hesabu ya pili inakupa miezi kumi na moja. Lakini usimwachie msomaji hesabu ambayo wewe unaweza kuimaliza kwa kuandika jina la mwezi. Ndivyo nilivyofanya, kote. Na ada iliyoandikwa kwa alama ya "/=" mwishoni niliiandika kwa "TZS" mbele, maana alama ile nje ya Afrika Mashariki ni fumbo.

Mpaka hapo maswali manne yalikuwa yamepata majibu, na ningeweza kuchapa na kusaini. Kilichonichelewesha ni jambo ambalo benki haikuuliza.

Nilipolinganisha jina la kampuni herufi kwa herufi kwenye karatasi zote tatu, leseni ilikuwa imepoteza herufi moja. Jina ni maneno mawili ya Kiswahili, na kwenye neno la pili "h" haikuwapo. Kwenye cheti ipo, kwenye katiba ipo. Aliyejaza maombi alikosea, au aliyechapa, sijui. Tafsiri ya steshenari ilikuwa na "h" kwenye karatasi zote mbili. Yaani mwenzangu aliliona kosa akalirekebisha kimyakimya, kwa nia njema kabisa.

Nia njema hii ndiyo mbaya kuliko makosa yote manne. Benki haisomi Kiswahili, lakini jina halihitaji kujua Kiswahili ili kulisoma. Tafsiri huambatanishwa na nakala ya karatasi ya asili, na siku mtu wa huko atakapoweka kidole kwenye jina la leseni na kidole kingine kwenye jina la tafsiri, ataona mfasiri amebadilisha jina la mteja. Kuanzia hapo hakuna mstari wa tafsiri ile atakaouamini. Mfasiri haponyi karatasi. Anaipeleka ikiwa na kidonda chake, na kama kidonda kinahitaji kusemwa, anasema kwenye maelezo kwamba asili imeandikwa hivyo.

Nikamwambia kijana kuna njia mbili. Naweza kutafsiri leseni na kosa lake, niweke maelezo kwamba ndivyo ilivyo asili, benki iamue. Au waende kwanza ofisi ya biashara ya jiji wakasahihishiwe, kisha nitafsiri leseni safi. Nilimshauri ya pili. Akampigia bosi wake mbele yangu, na nilisikia sauti upande wa pili ikiuliza kama huyu mama anatafuta hela zaidi. Kijana akafunika simu kwa kiganja. Nikamwambia amjibu kwamba kubadilisha herufi moja kwenye tafsiri ni bure, lakini kampuni mbili zenye majina yanayokaribiana ni kampuni mbili.

Wakati wakisubiri nilimaliza cheti na umbo la ukurasa. Tafsiri ya kwanza ilikuwa imekwangua nembo ya taifa kutoka kwenye picha na kuibandika juu, pamoja na ile alama ya mraba ya kuhakiki kwa simu, halafu ikatumia herufi zinazofanana na za cheti. Ilipendeza sana. Ilionekana kama cheti cha pili cha BRELA kwa Kiingereza, ambacho BRELA haikukitoa. Ukurasa wangu hauna nembo. Una neno linalosema hapa pana nembo ya taifa, hapa pana alama ya kuhakiki, na juu kabisa panaandikwa kuwa hii ni tafsiri kutoka Kiswahili. Afisa anayetaka kuhakiki atatumia alama iliyo kwenye nakala ya asili, au ataingia ors.brela.go.tz atafute jina.

Likabaki suala la muhuri wa wakili. Benki ilitaka tafsiri iliyothibitishwa, na ile ya kwanza ilikuwa na muhuri wa wakili uliosema ni nakala halisi ya asili. Haikuwa nakala ya chochote. Muhuri ule unafaa kwenye fotokopi ya cheti cha Kiswahili, pale wakili ameweka fotokopi na asili mbele yake akaona vimelingana. Tafsiri haithibitishwi hivyo, na mawakili wengi hawajifanyi kujua kama neno fulani limetafsiriwa sawa. Kinachofanyika ni mfasiri kuapa: mimi fulani, ninajua lugha hizi mbili, nimetafsiri karatasi hizi kwa ukamilifu na usahihi. Wakili, kwa kofia yake ya kamishna wa viapo, anashuhudia kiapo na saini yangu. Anayebeba mzigo wa maneno ni mimi, na jina langu na simu yangu vipo hapo ili benki ikiwa na swali iniulize mimi, isimwulize mteja. Wateja wengine hupendelea kupeleka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambako pia kuna huduma ya tafsiri. Kwa benki hii kiapo kilitosha, kwani kijana aliwauliza kwanza kwa barua pepe, jambo ambalo laiti lingefanyika mwanzo.

Leseni iliyosahihishwa ilirudi baada ya siku sita ikiwa na "h" yake. Nililinganisha tena mstari kwa mstari, kwa sababu karatasi inayosahihishwa mahali pamoja huweza kuharibika mahali pengine, na safari hii haikuharibika. Tulipanga kila kitu kwa jozi: fotokopi ya asili yenye muhuri wa nakala halisi, nyuma yake tafsiri, mwisho hati ya kiapo iliyoorodhesha kurasa zote kwa idadi. Kijana alipiga picha za kurasa zote palepale mezani na kuzituma.

Jibu la benki lilikuja Jumatatu iliyofuata, likiwa na swali moja tu, walitaka bili ya umeme ya duka. Umeme wao ulikuwa wa LUKU, wa kulipia kabla, na risiti yake haikuwa na jina la kampuni. Kijana akarudi na bahasha yake ya kaki, shikamoo mama, akakaa pale pale.